Mto hauna kasi moja: kupima mtiririko kwa boya na kwa kipima mkondo

Tuchukue mto mdogo wenye upana wa mita 8, na kina chake kikubwa kiwe sentimita 90. Watu watatu wamekuja kuupima asubuhi moja. Wa kwanza anatupa kipande cha ubao katikati ya mto, anakiona kikienda mita 20 kwa sekunde 31, anazidisha kasi hiyo kwa eneo la maji na kupata mita za ujazo 2.35 kwa sekunde. Wa pili amewahi kusikia kwamba maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo anaikata ile kasi kwa asilimia 15 na kupata 2.00. Wa tatu anaingia majini na kipima mkondo, anakwenda hatua kwa hatua kutoka ukingo huu hadi ule, na anatoka na 1.50.

Mto ni ule ule na maji hayakupanda wala kushuka. Eneo la maji walilitoa kwenye vipimo vile vile, na hakuna aliyekosea kusoma saa. Hata hivyo, kati ya wa kwanza na wa tatu kuna tofauti ya lita 850 kila sekunde. Ukitaka kuelewa kazi ya kupima mto, ifuatilie tofauti hiyo mpaka uone imetoka wapi.

Kanuni yenyewe ni fupi: mtiririko ni eneo la maji yaliyokatwa mraba na mkondo, yaani kwa pembe ya nyuzi 90, mara kasi ya maji yanayopita katika eneo hilo. Mita za mraba ukizizidisha kwa mita kwa sekunde unapata mita za ujazo kwa sekunde. Shida iko kwenye neno "kasi". Katika mkato mmoja wa mto, yaani eneo moja la namna hiyo, kuna kasi nyingi mno. Maji yanayogusa kitanda karibu yamesimama, ya juu yake yanateleza, ya karibu na uso yanakimbia. Upande wa ukingo yanajikokota na katikati yanakwenda mbio. Tena maji yanayokwenda mbio ndiyo mara nyingi yaliyo kwenye kina kikubwa, kwa hiyo kina na kasi haviwezi kutafutiwa wastani kila kimoja peke yake, kisha vikazidishwa. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, na tutaliona jambo hilo kwa namba.

Kupata mkato

Kabla ya kushika kifaa chochote, mahali pa kupimia ndipo panapoamua ubora wa kazi. Unatafuta kipande cha mto kilichonyooka, chenye kingo zinazokwenda sambamba, kitanda kisicho na mawe makubwa wala magogo, na maji yasiyozunguka wala kurudi nyuma pembezoni. Mahali ambapo maji yametoka tu kupita kona au nguzo za daraja hapafai, kwa sababu mkondo bado umevurugika. Mara nyingi hupati sehemu kamilifu. Ukilazimika kuchagua, ni afadhali mkato wenye kina kidogo lakini mkondo uliotulia kuliko mkato wenye kina kizuri na mkondo unaopindapinda.

Utepe unavutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukiwa mraba na mwelekeo wa maji, na unakazwa usipeperuke. Mraba na maji, wala si mraba na ukingo. Ukingo unaweza kukudanganya. Utepe ukikaa upande kwa nyuzi 20, upana unaousoma unazidi ule wa kweli kwa takriban asilimia 6. Ukiwa umeelekeza kifaa chako moja kwa moja kwenye mkondo, hiyo asilimia 6 yote inaingia kwenye jibu. Usipoweza kuusogeza utepe, pima pembe na uzidishe kasi kwa kosaini ya pembe hiyo, ambayo kwa nyuzi 20 ni 0.94.

Kisha unatembea kando ya utepe ukiwa na fimbo yenye alama za sentimita. Katika kila kituo unaandika umbali kutoka mwanzo wa utepe na kina cha maji. Ukingo wa kushoto na wa kulia huhesabiwa kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda, na ni vizuri kuandika umeanzia upi, maana daftari lisilosema hivyo husumbua miaka baadaye. Fimbo isimame wima, na kitako chake kiwe kipana kiasi cha kutozama kwenye tope. Katika kitanda cha matope laini ni rahisi kuongeza sentimita 5 za tope kwenye kina. Kwa kina cha sentimita 40, hilo ni kosa la asilimia 12 na zaidi kabla hujagusa kasi.

Kasi inavyobadilika kutoka juu kwenda chini

Ukisimama kituo kimoja na kupima kasi katika vina mbalimbali, utaona mchoro wenye umbo linalojirudia katika mito mingi: kasi inaanza karibu na sifuri kitandani, inapanda haraka katika sehemu ya chini, halafu inapanda polepole kuelekea juu. Msuguano wa kitanda ndio unaoyavuta maji nyuma, na athari yake inapungua kadiri unavyoondoka kitandani.

Umbo hilo lina faida kubwa. Katika mchoro wa namna hiyo, kasi iliyo sawa na wastani wa safu nzima ya maji hupatikana karibu na 0.6 ya kina, ukihesabu kutoka juu. Ndiyo maana kwenye maji mafupi, chini ya takriban sentimita 75, mpimaji hupima mara moja tu katika kila kituo, kwenye kina hicho. Kwenye maji marefu zaidi hupima mara mbili, kwenye 0.2 na 0.8 ya kina, na kuchukua wastani wa kasi hizo mbili. Vipimo viwili vinavumilia zaidi mkondo usiofuata umbo la kawaida. Kwenye maji mafupi havifai, kwa sababu kifaa cha chini kingekuwa karibu mno na kitanda na cha juu karibu mno na uso.

Maneno "kutoka juu" yanastahili kurudiwa. Katika kina cha sentimita 70, kifaa kinakaa sentimita 42 chini ya uso wa maji, yaani sentimita 28 juu ya kitanda. Mtu akipima sentimita 42 kutoka kitandani, amekipandisha kifaa hadi 0.4 ya kina, na kwa mkondo wa kawaida atasoma kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 7. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani: namba zote zinapendeza, ila zote zimepanda pamoja. Zipo fimbo zenye kibonyezo na vipimo viwili zinazokipandisha kifaa zenyewe hadi 0.6 ukishaziwekea kina, na zinaondoa kabisa nafasi ya kukosea hapo.

Kutoka kwenye umbo hilo hilo ndipo inapotoka ile asilimia 15 ya mtu wetu wa pili. Kasi ya wastani wa safu ya maji huwa karibu mara 0.85 ya kasi ya uso wake. Namba hiyo si sheria ya maumbile. Kwenye kitanda laini na maji yenye kina inaweza kufika 0.90. Kwenye maji mafupi yanayopita juu ya mawe inashuka hadi karibu 0.7, kwa sababu msuguano unaishika sehemu kubwa zaidi ya safu.

Kipima mkondo

Kifaa chenyewe ni rafadha ndogo, au gurudumu la vikombe, linalozungushwa na maji. Wazo ni la zamani: mhandisi Mjerumani Reinhard Woltman alieleza kifaa cha namna hii mwaka 1790, na Mmarekani William Gunn Price akatengeneza chake cha vikombe mwaka 1882. Vifaa vya vikombe vya ukoo wa Price bado vinatumika. Siku hizi kuna pia vifaa vya sauti na vya sumaku visivyo na kitu kinachozunguka, lakini utaratibu wa kuugawa mto haubadiliki.

Kifaa hakikupi kasi, kinakupa mizunguko. Kabla ya kutumiwa huvutwa ndani ya bwawa refu la maji yaliyotulia kwa kasi zinazojulikana, na hapo hupatikana mlinganyo wake wa peke yake. Tuseme mlinganyo wa kifaa chetu ni huu:

```
v = 0.25 × n + 0.01
```

Hapa `n` ni mizunguko kwa sekunde na `v` ni kasi kwa mita kwa sekunde. Ile 0.25 ina maana inayoshikika: rafadha inazunguka mara moja kila maji yanapopita sentimita 25. Ile 0.01 inafidia msuguano wa ekseli. Kwenye kituo cha mita 4 tunahesabu mizunguko 94 kwa sekunde 50, yaani 1.88 kwa sekunde, na kasi inakuwa 0.48.

Kwa nini sekunde 50, isiwe 10? Maji ya mto yanapumua. Ukisikiliza mlio wa kifaa utasikia unaharakisha, unalegea, kisha unaharakisha tena, ingawa mto wote haujabadilika. Kipimo cha sekunde 10 kinaweza kuangukia kwenye mpigo wa haraka au wa polepole. Kati ya sekunde 40 na 70 mipigo hiyo huwa imefidiana kiasi cha kutosha.

Mpimaji mwenyewe ni kizuizi ndani ya maji, na miguu miwili mbele ya rafadha inatosha kuharibu kipimo. Anasimama nyuma kidogo ya utepe, upande maji yanakokwenda, na pembeni mwa fimbo, umbali wa karibu nusu mita, ili maji yafike kwenye kifaa kabla hayajamfikia yeye. Kuhusu usalama, zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde: jibu likikaribia 0.9, usiingie. Kituo chetu kibaya kuliko vyote kina 0.90 mara 0.54, karibu 0.49. Kinapitika, ingawa mtu mfupi au aliye juu ya mawe yenye utelezi hana sababu ya kujitia ujasiri.

Mto wetu kwa namba

Kwa kurahisisha, tumeweka vituo kila mita moja. Kituo kinawakilisha kipande kinachoanzia nusu ya njia kutoka kituo kilichotangulia hadi nusu ya njia kuelekea kinachofuata, kwa hiyo hapa kila kipande kina upana wa mita 1. Mtiririko wa kipande ni kina mara upana mara kasi.

| Umbali (m) | Kina (m) | Kasi ya wastani (m/s) | Mtiririko (m³/s) |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.20 | 0.15 | 0.030 |
| 2 | 0.40 | 0.28 | 0.112 |
| 3 | 0.55 | 0.40 | 0.220 |
| 4 | 0.70 | 0.48 | 0.336 |
| 5 | 0.90 | 0.54 | 0.486 |
| 6 | 0.60 | 0.38 | 0.228 |
| 7 | 0.30 | 0.18 | 0.054 |

Kituo cha mita 5 kilipimwa mara mbili kwa sababu ya kina chake: 0.64 kwenye 0.2 ya kina, 0.44 kwenye 0.8, na wastani wake ndio 0.54. Jumla ya mtiririko ni 1.466, na jumla ya eneo ni mita za mraba 3.65.

Sasa jaribu njia ya mkato. Chukua wastani wa kasi zote saba, yaani 0.344, uzidishe kwa eneo lote. Unapata 1.26, pungufu kwa asilimia 14. Vipimo vyote ni sahihi, lakini wastani huo umevipa vituo viwili vya pembezoni, vyenye maji kidogo ya polepole, kura sawa na vituo vya katikati. Ukigawanya 1.466 kwa 3.65 unapata kasi ya wastani ya kweli ya mkato huu, 0.40, nayo ni kubwa kuliko 0.344 kwa sababu kila kasi imehesabiwa kwa uzito wa maji yake.

Jedwali hili linatuonya pia juu ya jambo jingine. Kipande cha mita 5 peke yake kimebeba theluthi ya mto mzima. Kama kina cha kituo hicho kilisomwa vibaya, au majani yaliishika rafadha kwa sekunde chache, theluthi ya jibu imeyumba. Wapimaji hujitahidi kipande kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya mtiririko, na ikiwezekana kibaki karibu na 5, jambo linaloleta vituo 20 hadi 25 kwenye mto wa kawaida. Vituo hivyo havilazimiki kuachana sawasawa. Unavibana pale kwenye kina na kasi, na kuviachanisha pembezoni.

Mtu wetu wa tatu alianza kufanya hivyo. Aliongeza vituo viwili: mita 4.5, penye kina 0.85 na kasi 0.53, na mita 5.5, penye kina 0.80 na kasi 0.47. Vipande vya 4.5, 5 na 5.5 vikawa na upana wa nusu mita, na jirani zao wa mita 4 na 6 wakabaki na mita 0.75 kila mmoja. Ukirudia hesabu, jumla inakuwa 1.495, na hiyo ndiyo 1.50 tuliyoanza nayo. Vituo viwili viliongeza lita 30 kwa sekunde, yaani asilimia 2, kwa kuwa sasa vimeonyesha kwamba kina hakishuki haraka pande zote mbili za mita 5 kama tulivyodhani. Bado kipande kikubwa kina asilimia 17, kwa hiyo kazi ya kuongeza vituo haijaisha.

Boya likitumiwa vizuri

Rudi sasa kwa mtu wa kwanza na wa pili. Wa pili alikuwa na haki kupunguza kasi ya uso kwa 0.85, lakini kipunguzo hicho kinarekebisha tofauti ya juu na chini tu. Hakijui chochote kuhusu tofauti ya katikati na pembeni. Boya lake lilikwenda katika mkondo wenye kasi kuliko yote, na yeye akaieneza kasi ya mkondo huo hadi kwenye kingo. Hivyo, kati ya zile lita 850 za ziada, takriban 350 zilitokana na kusahau kwamba maji ya chini ni ya polepole, na karibu 500 zilitokana na kusahau kwamba maji ya pembeni ni ya polepole. Watu wengi wanaikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili, ambayo hapa ndiyo kubwa.

Dawa yake ni kuyapitisha maboya katika njia kadhaa, na kila njia kuipa eneo lake. Mto wetu tunaugawa njia nne. Tunapima mita 20 za mto ulionyooka, tunaweka alama kwenye kingo zote mbili juu na chini, na tunapima mkato zaidi ya mmoja ndani ya kipande hicho ili kupata eneo la wastani. Boya linatupwa mita kadhaa kabla ya alama ya kwanza, upande maji yanakotoka, ili lishike kasi ya maji kabla saa haijaanza. Kila njia inapata maboya kadhaa, na yale yaliyokwama au kuvuka kwenda njia nyingine yanaachwa.

Tuseme wastani wa muda ni huu. Njia ya kushoto, kutoka ukingoni hadi mita 2.5, yenye eneo la 0.60, ilichukua sekunde 68. Ya pili, hadi mita 4.5, yenye eneo la 1.25, sekunde 39. Ya tatu, hadi mita 6.5, yenye eneo la 1.50, sekunde 34. Ya mwisho, yenye eneo la 0.30 tu, sekunde 88. Kila mara unagawanya mita 20 kwa sekunde, unazidisha kwa 0.85, kisha kwa eneo la njia hiyo. Zinatoka 0.150, 0.545, 0.750 na 0.058, na jumla yake ni 1.503.

Vipande vile vile vya ubao vilivyotoa 2.35 vimetoa 1.50. Nisingependa mtu achukue kutoka hapa kwamba boya ni sawa na kipima mkondo. Mfano huu umetulia na 0.85 imeangukia mahali pake. Mtoni, mpimaji makini wa maboya asiyejua namba ya mahali pake anapaswa kutarajia kosa la asilimia 10 hadi 20. Lakini kosa la asilimia 57 la mtu wa kwanza halikuwa kosa la boya.

Urefu wa kipande nao una maana. Kwa mita 20 na sekunde 31, kuchelewa kubonyeza saa kwa nusu sekunde ni kosa la asilimia 1.6. Kwa mita 5, boya lile lile lingetumia chini ya sekunde 8, na nusu sekunde hiyo ingekuwa zaidi ya asilimia 6. Jitahidi boya lichukue angalau sekunde 20. Boya lenyewe lizame karibu lote: chungwa, kipande kizito cha mti, au chupa iliyotiwa maji mpaka inabaki shingo tu juu. Chupa tupu inasukumwa na upepo kama tanga, na siku ya upepo itakupa kasi ya upepo zaidi ya ile ya mto.

Kama una kipima mkondo kwa siku moja tu, kitumie siku hiyo kuitafuta namba ya mto wako. Pima kwa njia zote mbili saa moja, kisha gawanya jibu la kifaa kwa jibu la maboya kabla hujazidisha kwa 0.85. Katika mfano wetu, maboya bila kipunguzo yanatoa 1.77, na 1.495 ukiigawanya kwa 1.77 unapata 0.845. Namba hiyo inatumika baadaye mahali hapo, maji yakiwa kwenye kimo kinachokaribiana na cha siku hiyo. Maji yakipanda sana, itafute upya.

Dalili za kipimo kibovu

Makosa mengi yanajulikana ukiwa bado mtoni, mradi hesabu unaifanya palepale. Kasi ya kituo kimoja ikianguka ghafla katikati ya majirani wake wawili, tazama rafadha kabla ya kuulaumu mto: uzi wa majani kwenye ekseli ni mshukiwa wa kwanza. Kabla na baada ya kazi, kitoe kifaa majini na kukizungusha kwa pumzi. Kinapaswa kusimama taratibu. Kikikwama ghafla kina mchanga au ekseli iliyopinda, na vipimo vya mkondo wa polepole ndivyo vilivyoumia zaidi.

Kwenye vituo vya vipimo viwili, kasi ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini, au ikiwa zaidi ya mara mbili ya ya chini, umbo la kawaida halipo hapo. Pengine kuna jiwe au gogo upande maji yanakotoka. Ongeza kipimo cha 0.6, kihesabu mara mbili, jumlisha na vile vingine viwili na ugawanye kwa nne. Kama vituo vingi vinatoa dalili hiyo, ni afadhali kukunja utepe na kutafuta mkato mwingine.

Kimo cha maji kwenye geji ya ukingoni, yaani ubao wenye alama za kimo, kisomwe mwanzo na mwisho. Mto ukipanda sentimita 10 wakati unapima, kituo cha kwanza na cha mwisho vilipimwa katika mito miwili tofauti. Kipimo hicho kinaandikwa dhidi ya kimo cha katikati, na maelezo yake yanawekwa wazi kwenye daftari.

Mafuriko

Siku ya mafuriko hakuna anayeingia majini, na kipima mkondo kinahitaji daraja au waya wa kuvukia. Maboya ndiyo yanayobaki, na mara nyingi mto wenyewe huyaleta: matawi na magogo yanayopita. Kinachohitajika ni mkato uliopimwa mapema, maji yakiwa chini, ukaendelezwa kwa levo, kifaa cha kupimia tofauti za kimo, mpaka juu ya kingo zote mbili na kufungwa kwenye alama ya kudumu. Hapo ukishasoma kimo kwenye geji, eneo linatoka kwenye mchoro.

Mto wetu ukipanda mita 1 na kutanuka hadi mita 11, eneo linaongezeka kwa mita za mraba 9.5 na kuwa 13.15. Hesabu inaonekana safi, ila mafuriko yanaweza kuchimba kitanda. Kikichimbwa sentimita 30 kwenye upana wa mita 4, mita za mraba 1.2 zimeongezeka bila mchoro kujua, karibu asilimia 9 ya eneo. Maji yanapopungua, mchanga unaweza kulijaza lile shimo, na ukirudi kupima huenda usione alama yoyote. Kitanda cha mwamba au cha kokoto nzito huwa kinavumilia zaidi. Cha mchanga hakifai kuaminiwa, na ndiyo sababu vituo vya kupimia mafuriko hutafutiwa mahali penye mwamba hata kama njia ya kufika ni ngumu. Pasipokuwa na mwamba, mkato unapimwa upya mara tu maji yakishuka kiasi cha kuingilika, na jibu la siku ya mafuriko linaandikwa pamoja na mikato yote miwili, wa kabla na wa baada.